Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuyaita Maji Yako Safi

Bomba likikatika wiki nzima, na maji yakaanza kuja kwa mkokoteni kutoka kisima usichokijua, usianze na dawa. Anza kwa kuyatazama. Jaza chupa ya plastiki isiyo na rangi, isimamishe juu ya ukurasa wa gazeti, kisha chungulia kutoka mdomoni hadi chini: ikiwa husomi hata herufi kubwa za kichwa cha habari, maji hayo bado hayajafikia hatua ya kutiwa klorini, hata muuzaji akikuapia kwamba kisima chake ni cha miaka yote.

Vyombo viwe vimeoshwa kwa sabuni. Ndoo ya kunywea iwe na mfuniko na koki. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya shambani lisitumike kamwe, hata kama harufu imeisha.

Dawa yenyewe ni rahisi kupima kuliko watu wanavyodhani. Maji maang'avu yanahitaji takriban miligramu 2 za klorini kwa kila lita, kwa hiyo dumu la lita 20 linataka miligramu 40. Kidonge cha miligramu 67, uzito ambao ni wa dawa nzima na si wa klorini peke yake, kimetengenezwa kwa ajili ya dumu hilo, lakini madukani vipo pia vya lita 1 na vya lita 10 vinavyofanana sana kwa sura, na kwa sababu hiyo soma pakiti kila unaponunua. Ukikosa vidonge ukabaki na dawa ya kufulia nguo nyeupe ya asilimia 3.5, isiyo na manukato wala rangi, mililita moja ina miligramu 35, hivyo mililita moja na kidogo inatosha dumu zima. Pima kwa bomba jipya la sindano lisilo na sindano, usikadirie kwa kifuniko cha chupa nyingine. Koroga, funika, na usiyaguse kwa dakika 30.

Hayo yote ya kupima dawa niliyafanya, na bado nyumba yangu iliugua. Ilikuwa msimu wa masika, Dar es Salaam, na maji tuliyoletewa yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilitia dawa kipimo kamili, nikasubiri nusu saa kwa saa ya ukutani, nikamimina kwenye ndoo ya koki. Siku ya tatu watoto wawili walikuwa wanaharisha, na usiku wake mama mkwe naye akaanza. Tulishinda tukikoroga maji ya chumvi na sukari ya pakiti, tukimnywesha kila mmoja kidogo kidogo, huku mimi nikilaumu mihogo ya barabarani kwa kuwa maji nilikuwa na hakika nayo.

Bwana afya wa mtaa alipopita, alichota maji ya ndoo yangu katika kichupa kidogo, akadondosha kidonge cha kupimia na kutikisa. Alinieleza kwamba klorini ikiwepo maji hugeuka waridi, na kadiri ilivyo nyingi ndivyo waridi linavyokolea. Yangu hayakugeuka hata kidogo. Nilimwonyesha chupa ya dawa kwa hasira, naye akacheka kwa upole: "Mama, dawa uliitia kweli, ila imeliwa na tope."

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo ndilo ninalowafundisha majirani. Aliniomba madumu matatu. La kwanza tulijaza maji yaleyale machafu, tukatia dawa yangu, chupa iliyokuwa imekaa dirishani juu ya jiko tangu mwaka uliotangulia. La pili tulijaza maji hayohayo, lakini dawa ilikuwa mpya, aliyokuja nayo yeye. La tatu tulijaza maji yaliyokuwa yametulia kwenye pipa tangu usiku, tukayachota juu bila kutibua mashapo, tukayachuja kwa khanga safi iliyokunjwa mara nne, ndipo tukatia dawa mpya kwa kipimo kilekile. Baada ya nusu saa tulipima yote. La kwanza lilibaki kama maji. La pili lilionyesha waridi hafifu ambalo ilibidi tulitazame juu ya karatasi nyeupe ili tulione. La tatu lilikolea vizuri.

Kumbe nilikuwa na makosa mawili yaliyofichana. Klorini haichagui adui: inamshambulia mdudu wa kipindupindu kama inavyoshambulia udongo, majani yaliyooza na uchafu wowote unaotokana na mimea au wanyama, na vikiwa vingi inamalizika kabla haijawafikia wadudu waliojificha ndani ya chembe za tope. Tena dawa ya kimiminika huchoka yenyewe chupani, na joto na jua huiharakisha. Kwa hiyo kinachomlinda mnywaji ni klorini inayosalia baada ya uchafu kula sehemu yake; inapofika kwenye kikombe inafaa isipungue miligramu 0.2 kwa lita.

Usipokuwa na vidonge vya kupimia, tumia pua. Baada ya nusu saa fungua mfuniko: harufu nyepesi ya klorini ni habari njema. Isipokuwepo kabisa, rudia kipimo mara moja na subiri nusu saa nyingine. Ikikosekana tena, yarudishe maji kwenye kutulizwa na kuchujwa, au yachemshe. Kuzidisha dawa mara mbili kwa maji yenye ukungu kidogo kunakubalika siku ya shida, lakini kwa maji ya rangi ya chai ni kujidanganya. Nunua chupa ndogo, andika tarehe uliyoifungua, iweke mahali penye giza na ubaridi, mbali na watoto na mbali na dawa ya kusafishia choo, kwa maana zikichanganyika hutoa hewa ya sumu.

Kuchemsha hakujali tope kwa kiasi hicho. Yakishatokota kwa mapovu makubwa, dakika moja inatosha, na kwa wanaoishi milimani juu ya mita 2,000, dakika tatu. Pia kunaua vijidudu vyenye gamba gumu ambavyo klorini ya kawaida huvishindwa. Udhaifu wake ni kwamba maji yaliyochemshwa hayana mlinzi: mkono mmoja ukitumbukiza kikombe ndani ya sufuria, yamechafuka upya. Yaache yapoe humohumo yakiwa yamefunikwa, na yatoke kwa koki tu.

Chujio la chungu nalo huzuia tope na bakteria wengi, lakini si kinga kamili dhidi ya virusi. Ndiyo maana kipindi cha mlipuko maji yake hutiwa klorini baada ya kuchujwa, ndani ya ndoo ya chini, si ndani ya chungu. Likianza kudondosha polepole lisugue kwa brashi laini na maji yaliyokwisha kutibiwa, bila sabuni. Likipata ufa, hata mwembamba kama unywele, limekwisha kazi.

Maji yaliyotiwa klorini yanywe ndani ya saa 24, yakizidi hapo yatibu upya. Na ikiwa tatizo ni chumvi, harufu ya petroli, au floraidi kama ile inayotia meno rangi ya kahawia huko Arusha, hakuna kidonge kitakachoiondoa, na kuchemsha kunaizidisha floraidi kwa kuwa maji yanapungua na yenyewe inabaki. Hapo tafuta chanzo kingine, hasa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi baada ya kuacha ya mwanzo yapite.