Glisirini na asidi ya hayaluroni kwenye hewa kavu: jinsi ya kurekebisha losheni inayokausha badala ya kulainisha

Natengeneza losheni na jeli za ngozi Mombasa. Jeli yangu inayopendwa zaidi ni nyepesi na haina mafuta hata tone. Katika kila gramu 100 natia maji gramu 88.5, glisirini 10, asidi ya hayaluroni nusu gramu na kihifadhi gramu 1. Hapa pwani ukiipaka asubuhi, mpaka adhuhuri ngozi bado laini.

Mdogo wangu alihamia Minneapolis, Marekani, akabeba chupa nne. Mwezi wa kwanza, katikati ya baridi yao, akanipigia simu: "Dada, jeli yako inanibana uso. Nikiipaka naona raha dakika kumi tu, halafu ngozi inavutika kama matope yanayokauka. Nikiongeza, ndiyo inazidi." Chupa ilikuwa ya mkupuo uleule ambao wateja wangu wa Mombasa walikuwa wakiusifu. Kilichobadilika ni hewa. Yafuatayo ni mambo tuliyofanya pamoja mpaka ngozi yake ikatulia, na unaweza kuyafuata popote hewa ilipo kavu: kwenye nyumba zenye hita, Dodoma wakati wa kiangazi cha upepo, hata ndani ya ndege.

Hatua ya 1: Pima hewa ya chumba unacholala

Nunua kipima unyevu kidogo cha kidijitali, kile cha kuweka mezani. Kiweke mbali na dirisha, jiko na bafu, ukiache saa kadhaa ndipo usome. Namba utakayoiona ni asilimia ya unyevu ambao hewa imebeba, ikilinganishwa na wote ambao ingeweza kubeba kwa joto lile.

Cha mdogo wangu kilisoma 18. Hapa Mombasa changu husoma 75 hadi 80 siku za kawaida. Pengo hilo linatokana na baridi ya nje, kwa kuwa hewa baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi. Hewa ya nyuzi 15 chini ya sifuri, hata ikiwa imeshiba kabisa, ukiiingiza ndani na kuipasha hadi nyuzi 21 unyevu wake unashuka chini ya asilimia 10. Kupumua, kuoga na kupika ndivyo vinavyoipandisha kidogo. Kwa hiyo theluji kujaa nje haina maana kwamba ndani kuna unyevu.

Ukisoma zaidi ya 60, shida ya ngozi yako huenda haitokani na hewa. Ikiwa kati ya 40 na 60, jeli nyepesi itafaa wengi, ila wenye ngozi kavu kwa asili watahitaji mafuta juu yake. Ikishuka chini ya 40, endelea na hatua zinazofuata.

Hatua ya 2: Iangalie glisirini ikifanya kazi kwenye kisahani

Usiruke jaribio hili, maana ukishaliona kwa macho huhitaji mtu kukueleza tena. Weka kisahani bapa kwenye mizani ya jikoni, mimina gramu 10 za glisirini safi ya duka la dawa, itandaze iwe nyembamba. Funika kwa chandarua kuzuia vumbi, kisha pima uzito kila siku.

Kwenye hewa ya asilimia 80, baada ya siku kadhaa uzito utakaribia gramu 20. Glisirini imevuta maji kutoka hewani yanayokaribia uzito wake yenyewe. Kwenye hewa ya asilimia 50, gramu 10 hizohizo zinashika maji kama gramu 2 na nusu tu. Kwenye asilimia 20, hazifiki hata gramu 1. Ukianza na glisirini uliyoichanganya na maji nusu kwa nusu, ukaiweka kwenye chumba kikavu, utaona uzito ukipungua kila siku. Maji yanaihama.

Glisirini inashika maji kwa kiwango ambacho hewa inaruhusu, basi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, inajaza. Hewa ikiwa kavu, hata maji uliyoipa mwenyewe itayaachia. Asidi ya hayaluroni nayo inafuata kanuni hiyohiyo. Umbo lake ni nyuzi ndefu mno zinazojikunja na kunasa maji katikati, na ndiyo maana nusu gramu inatosha kugeuza maji kuwa jeli. Utasikia ikisemwa kwamba gramu moja inabeba lita sita za maji. Usiijengee losheni yako hesabu hiyo. Usoni unapaka chembe ndogo sana, na hewa ndiyo itakayoamua zibaki na maji kiasi gani.

Hatua ya 3: Jua maji ya ngozi yanatoka wapi

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokufa zilizopangana kama vigae, katikati yake kuna mafuta. Likiwa na maji ya kutosha linapinda bila kuvunjika. Maji yakishuka chini ya asilimia 10 hivi, linakuwa gumu na kupasuka. Mwaka 1952 mtafiti Irvin Blank alichukua vipande vya sugu ya unyayo vilivyokauka akaonyesha kwamba kuvitia mafuta hakuvilainishi. Vililainika vilipopata maji.

Maji hayo, mengi yake, yanapanda kutoka tabaka za ndani za mwili, yanafika juu, kisha yanapotelea hewani usiku na mchana. Kivuta-maji ulichopaka juu kinasaidia kuyakamata yanapopita. Kwenye hewa ya Mombasa kinapata mengine kutoka nje, na yaliyomo hayana haraka ya kuondoka. Kwenye hewa ya asilimia 18 kutoka nje hakuna kitu. Kinabaki kuvuta kutoka chini, na kile kilichovutwa hadi juu kinakaa pale pale ambapo hewa inakichukua. Maji ya jeli yenyewe yanakauka kwanza, halafu nyuzi za asidi ya hayaluroni zinageuka utando mwembamba unaonywea na kuvuta ngozi. Huko ndiko kubana alikokusema mdogo wangu. Alipoongeza jeli aliongeza utando.

Glisirini na asidi ya hayaluroni hazina hatia sawa hapa. Glisirini ni chembe ndogo, inazama ndani ya tabaka la juu, na hata hewa ikiwa kavu inasaidia mafuta ya katikati ya seli yasigande. Hiyo ni kazi ambayo haitegemei maji ya hewani. Asidi ya hayaluroni ya nyuzi ndefu inabaki juu. Kwa hiyo hewa ikikauka, napunguza asidi kwa kiasi kikubwa na glisirini kwa kiasi kidogo. Siiondoi kabisa.

Glisirini tupu usipake, ingawa wengi wetu tumekua tukiiona ikipakwa hivyo midomoni. Isipochanganywa na maji inayatoa kwenye ngozi yako papo hapo, na ndiyo maana inachoma penye mpasuko.

Hatua ya 4: Jaribu mkono mmoja kabla ya kutupa chupa

Nilimwambia aoge, ajikaushe kwa kubonyeza taulo bila kusugua, na ndani ya dakika tatu, ngozi ikiwa bado na unyevu, apake jeli mikono yote kuanzia kiwiko hadi kifundo. Mkono wa kushoto aongeze vaselini juu yake, kiasi cha punje ya harage kwa mkono mzima. Wa kulia auache. Afanye hivyo usiku tano mfululizo.

Asubuhi ya tatu wa kulia ulikuwa na weupe wa vumbi na alama ya ukucha ilibaki kama chaki. Wa kushoto ulikuwa laini. Jeli iliyotumika ni moja, tofauti ni kifuniko tu. Ikiwa kwako mikono yote miwili inawasha au inakuwa myekundu, basi tatizo si hewa pekee. Huenda ngozi inakataa kihifadhi au kitu kingine kilichomo, kwa hiyo acha kupaka. Ngozi ikipasuka hadi kutoa damu au majimaji, mwone daktari wa ngozi.

Hatua ya 5: Tengeneza krimu ya hewa kavu

Jeli na vaselini juu yake vinatosha kwa mwili. Kwa uso mdogo wangu alitaka kitu kimoja, nikamtengenezea krimu hii ya gramu 100: maji yaliyotoneshwa 66.8, glisirini 6, asidi ya hayaluroni 0.2, nta ya kuunganisha mafuta na maji 6, vaselini 12, mafuta ya alizeti yaliyosafishwa 8, kihifadhi cha fenoksiethanoli 1. Nta ya nyuki peke yake haitaunganisha, mafuta na maji yatatengana. Mafuta ya nazi sikutia kwa sababu uso wake huota chunusi kwayo.

Anza jioni. Chukua gramu 2 za glisirini, nyunyizia unga wa asidi ya hayaluroni, koroga mpaka ulowe wote. Kisha mimina gramu 20 za maji baridi na uache usiku kucha. Ukitupia unga moja kwa moja kwenye maji utapata mabonge kama ya uji ulioharibika, na hayavunjiki kirahisi.

Asubuhi, pasha maji yaliyobaki pamoja na glisirini iliyobaki kwenye chombo kimoja, na nta, vaselini na alizeti kwenye kingine, vyote viwili hadi nyuzi 70 hadi 75. Mimina mafuta kwenye maji huku ukikoroga kwa mashine ya mkono. Endelea kukoroga polepole inapopoa. Ikishuka chini ya nyuzi 40, tia jeli ya usiku na kihifadhi. Asidi hiyo ikikaa kwenye joto muda mrefu nyuzi zake zinakatika, ndiyo maana inasubiri mwisho.

Iache saa 24. Matone ya maji yakijitokeza pembeni ya kopo, huenda mafuta na maji hayakuwa na joto sawa ulipoyachanganya. Usiipake. Itengeneze upya.

Hatua ya 6: Ipake kwa wakati wake

Paka ndani ya dakika tatu baada ya kunawa, ngozi ikiwa na unyevu usiodondoka. Krimu hii nayo ikipakwa kwenye ngozi iliyokwisha kukauka inafunika ukavu. Kujipulizia maji usoni mchana bila kupaka kitu juu yake hakusaidii, yanakauka baada ya dakika chache. Kama una mashine ya kuongeza unyevu, ifikishe hewa kwenye 40. Usivuke hapo wakati wa baridi kali, na vioo vya madirisha vikianza kulowa ishushe, kwa sababu ukungu utaota ukutani.

Mdogo wangu aliacha kubanwa uso ndani ya wiki moja, na mapele ya ukavu kwenye miundi yalichukua wiki tatu. Alipokuja likizo mwezi wa nane alileta kopo lake la krimu. Siku ya pili alilirudisha kwenye sanduku, linampa jasho la mafuta, akachukua chupa ya jeli kwenye rafu yangu.