Kepsheni ya siku ya kuzaliwa ya mwenza anayeumwa: iwe salamu, isiwe ripoti ya hospitali

Kazi yangu ni kuwasaidia watu kuandika salamu, na salamu ngumu kuliko zote ni ya mume au mke ambaye siku yake ya kuzaliwa imemkuta mgonjwa. Mwandishi anakaa kuandika mapenzi, lakini kichwani mwake kumejaa vipimo, dawa na tarehe za kliniki, na hivyo ndivyo vinavyotoka kwanza. Hapa nitafuata kepsheni moja, ya mke aliyekuja na rasimu yake. Mumewe ana ugonjwa wa figo na anasafishwa damu mara 3 kwa wiki.

Rasimu ilikuwa hivi:

"Heri ya kuzaliwa mume wangu shujaa. Mwaka huu haukuwa rahisi. Tangu tuambiwe figo zimeshindwa umepita mengi, mashine mara 3 kwa wiki, presha kupanda na kushuka, lakini hujakata tamaa. Ulikuwa na bado ni mcheshi. Namshukuru Mungu umefika siku ya leo. Naomba tumuombee."

Hatua ya 1: Pitia kila sentensi, uulize kama ingekuwepo asingeumwa

Chukua rasimu yako, ufunike kwa kidole kila sentensi inayotegemea ugonjwa ili iwe na maana. Katika rasimu hii inabaki salamu ya mwanzo, bila neno "shujaa", na "ni mcheshi". Hizo nyingine zote ni habari za mgonjwa. Hata "namshukuru Mungu umefika siku ya leo", ambayo kila mtu huiandika, kwa mtu anayeumwa inasomeka kama watu walikuwa na shaka kwamba angefika.

Usifute kwanza. Zihamishie mahali pengine, kwenye daftari au kwenye kundi la ndugu wanaofuatilia hali yake. Ukizifuta kabla hujazipa pa kukaa zitarudi kwa mlango wa nyuma, kwa maneno kama "licha ya yote" na "safari yetu".

Hatua ya 2: Tafuta jambo moja analolifanya hadi leo

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. "Mcheshi" halimuonyeshi mtu yeyote, maana kila mume ni mcheshi siku yake ya kuzaliwa. Nilimuuliza yule mke: juzijuzi amefanya nini kilichokufanya useme, huyu ndiye yeye? Alifikiri, kisha akaanza kucheka. Mtu akikosea namba na kumpigia mumewe, mume hakati simu. Humsalimia, humuuliza kama watoto hawajambo, wakaagana kama watu wa ukoo mmoja. Wiki ile ile alikuwa amefanya hivyo, tena akiwa amejilaza kitandani.

Jambo zuri la kuandika lina sifa 2. Ugonjwa haujaligusa, na wanaomfahamu watalitambua mara moja. Kama alikuwa mchezaji wa mpira na sasa hawezi hata kutembea mbali, usiandike mpira. Hilo litamkumbusha alichopoteza, siku ambayo wote wanamtazama. Andika jinsi anavyobishana na mtangazaji wa mechi. Na kama hali yake ni nzito kiasi kwamba haongei sana, bado kuna kitu: namna anavyokushika mkono ukipita, au wimbo anaoutaka kila jioni.

Hatua ya 3: Angalia wakati wa vitenzi

"Ulikuwa na bado ni mcheshi" imenitia baridi nilipoisoma. Msomaji anayepitisha macho haraka akiona "ulikuwa" juu ya picha ya mtu anayejulikana kuwa mgonjwa, moyo unamlipuka. Anadhani ni tanzia. Tumia "hu-" na "-na-": hucheka, anapenda, ananikera. Neno "bado" nalo lipunguze, kwa sababu linadokeza kwamba mambo yalitarajiwa kuisha. Picha ya zamani ya rangi nyeusi na nyeupe huleta hofu ile ile, kwa hiyo ukiipenda sana iweke ya pili, ya karibuni itangulie.

Kwenye hiyo picha ya karibuni, ivute kwa vidole uione kubwa. Tazama bangili ya wodi, plasta mkononi, chupa za dawa mezani zenye jina lake. Watu hukuza picha, na picha moja inaweza kusema yote uliyoyatoa kwenye maneno.

Hatua ya 4: Ugonjwa ukitajwa, upewe kipande cha sentensi, katikati

Kama watu wote wanajua anaumwa, kunyamaza kabisa kunaweza kuonekana kama kuigiza. Utaje ugonjwa kwa kile ulichowaletea ninyi wawili, bila kutaja kiungo cha mwili, dawa wala idadi. Usiuweke mwanzo, kwa sababu mitandao kama Instagram hukata kepsheni ndefu na mistari ya kwanza ndiyo inayoonekana kabla mtu hajabonyeza aone zaidi. Usiuweke mwisho pia: watu hujibu walichokisoma mwisho. Ukimaliza kwa "tumuombee", utapata komenti mia za "ugua pole", naye atazisoma zote siku yake ya kuzaliwa.

Kwa hiyo malizia kwa kuwapa watu kazi nyingine. Tulifika hapa:

"Mtu akikosea namba akampigia mume wangu, hakatiwi simu. Anasalimiwa, anaulizwa watoto, anaagwa vizuri. Juzi amefanya tena, nami nilikuwa pembeni yake nacheka hadi machozi. Mwaka huu tumekaa nyumbani kuliko kawaida, na nimegundua kwamba miaka 12 haijanitosha kuisikiliza sauti hii. Heri ya siku ya kuzaliwa, baba watoto wangu. Nyie mnaomfahamu, mwandikieni kitu kimoja alichowahi kuwaambia kwenye simu."

Ugonjwa umo, ndani ya "tumekaa nyumbani kuliko kawaida". Anayejua ataelewa, asiyejua hatabaki na swali.

Hatua ya 5: Msomee yeye kwanza, kwa sauti

Usimtumie asome mwenyewe, maana kwenye simu atajibu "sawa" hata kama haipendi. Msomee, umtazame. Yule mume alicheka kwenye watoto, akanyamaza kwenye "kuliko kawaida", kisha akasema iache. Angesema itoe, ingetoka bila mjadala, kwa kuwa habari ya mwili wake ni mali yake. Kama amechoka mno kusikiliza au hawezi kukupa jibu, usiweke hadharani chochote kinachogusa afya. Weka salamu fupi, na hayo mengine mwandikie kwenye kadi.

Hatua ya 6: Komenti za "anaendeleaje?"

Zitakuja tu. Usijibu hali yake pale chini, kwa sababu jibu moja huzaa maswali kumi na ukurasa wote unageuka wodi. Andika "Asante kwa kumkumbuka, nitakupigia", kisha umpigie kweli, au umpe ndugu mmoja kazi ya kuwapigia. Komenti zinazosimulia kumbukumbu zijibu kwa urefu, maana mitandao mingi husukuma juu komenti zenye mazungumzo, na hizo ndizo atakazoziona kwanza akifungua simu. Mtu akitaja jina la ugonjwa wake hadharani, ifiche komenti hiyo na umwandikie faraghani kwa upole. Mara nyingi hakuwa na nia mbaya. Taarifa ya hali yake, kama watu wanaihitaji, iwekeni siku nyingine.