Tarehe iliyorudi nyuma siku moja: jinsi ya kuandaa mfano mdogo kabla ya kuomba msaada

Hapa Kigoma ninatunza programu ya wavuti ambayo wafanyabiashara wa dagaa wa mwalo wa Kibirizi huitumia kuandika magunia waliyouza. Mama mmoja alinionyesha simu yake: mauzo aliyoyaandika kuwa ya tarehe 5 Machi yalisomeka tarehe 4 kwenye ripoti. Mengine yalikuwa sawa. Nitakuonyesha nilivyopunguza tatizo hilo hadi mistari miwili kabla ya kumpelekea mwenzangu aliyeko Tabora.

1. Andika tatizo kwa sentensi tatu. Nilichofanya: nilichagua 5 Machi 2024 kwenye kalenda ya fomu, nikahifadhi. Nilichotarajia: 2024-03-05. Nilichopata: 2024-03-04. Ukishindwa kuandika sentensi hizi, bado hujui ni kitu gani unakitafuta. Mimi niligundua nilipoziandika kwamba rekodi zilizokosewa ni zile tu zilizochaguliwa kwa kalenda. Zilizohifadhiwa kwa kitufe cha "Leo" zilikuwa salama. Mpaka hapo nilikuwa nikiushuku mtandao.

2. Fungua tawi jipya, uanze kuondoa. Usipunguze kwenye kazi yenyewe.

```
git switch -c mfano-tarehe
```

Niliondoa ukurasa wa kuingia, nikajaribu: kosa lipo. Nikaondoa ripoti, nikaichapa tarehe moja kwa moja kabla haijatumwa kwenye seva: kosa lipo. Kwa hiyo seva na hifadhidata hazihusiki, na sikuhitaji kumtumia mtu majina wala namba za simu za wateja. Jaribu kila baada ya kuondoa kitu kimoja. Ukiondoa vitano kwa pamoja na kosa likatoweka, hutajua ni kipi kilichokuwa nalo.

3. Weka data ya kudumu, lakini iwe ya aina ileile. Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima. Niliitoa kalenda na mahali pake nikaweka hivi:

```js
const siku = new Date("2024-03-05");
```

Kosa likatoweka, nikadhani kalenda ndiyo mbovu. Kumbe mwenye kosa nilikuwa nimemwondoa mimi mwenyewe. Tarehe iliyoandikwa kama maneno namna hiyo, bila saa, JavaScript huisoma kwa saa za UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu. Kalenda yangu haitoi maneno. Inatoa tarehe inayoanza saa sita kamili usiku kwa saa za hapa. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha chochote, chapa kwanza kile programu inachopokea kwa kweli, kisha uige hichohicho. Mfano ukawa huu (mwezi huhesabiwa kuanzia 0, hivyo 2 ni Machi):

```js
const siku = new Date(2024, 2, 5);
console.log(siku.toISOString().slice(0, 10));
```

Jibu: `2024-03-04`. Kosa limerudi, bila fomu, bila seva.

4. Uendeshe mahali pasipo na vitu vyako. Niliweka mistari hiyo miwili kwenye faili `mfano.js`, peke yake kwenye folda tupu, nikamtumia mwenzangu. Akajibu, "Kaka, kwangu inatoa tarehe 5." Tabora na Kigoma saa ni moja, ila yeye alikuwa akiiendesha ndani ya kontena la Docker, na humo saa ilikuwa UTC. Mfano wangu ulikuwa mdogo, lakini haukuwa kamili: haukutaja majira ya saa. Nikaongeza amri hizi, za Linux:

```
TZ=Africa/Dar_es_Salaam node mfano.js
TZ=UTC node mfano.js
```

Ya kwanza inatoa tarehe 4, ya pili inatoa tarehe 5. Sasa yeyote anaweza kuliona kosa likija na kuondoka kwenye mashine yake.

5. Tuma vyote pamoja. Zile sentensi tatu, faili, amri, matokeo ya kila amri, na toleo la Node. Tuma msimbo kama maandishi, si picha ya skrini. Anayekusaidia anataka kunakili na kuendesha.

Jibu lilikuja haraka: "`toISOString` inageuza saa kuwa UTC. Saa sita usiku ya tarehe 5 hapa kwetu, kwa UTC bado ni saa tatu usiku ya tarehe 4. Ukikata herufi kumi za mwanzo unabaki na jana." Kitufe cha "Leo" kilisalimika kwa sababu kilichukua saa ya wakati huohuo, na akina mama huandika asubuhi. Angekuwapo wa kuandika kabla ya saa tisa usiku, naye angekosewa.

Nikaiunda tarehe kwa `getFullYear()`, `getMonth() + 1` na `getDate()`, ambazo hufuata saa za mahali, nikaweka sifuri mbele ya mwezi na siku zenye tarakimu moja kwa `padStart`, kisha nikaendesha tena amri zote mbili. Zote zikatoa `2024-03-05`.