Hotuba ya CR kwa fasti yia, hatua kwa hatua

Juzi CR mpya wa mwaka wa pili kaja rumu kwangu na karatasi nne za hotuba ya orienteshen, ukurasa wa kwanza wote salamu. Tumekesha nayo, na hivi ndo tulivyoinyoosha.

1. Salamu. "Itifaki imezingatiwa", basi. Mkuu wa idara keshatambulishwa mara tatu kabla yako.

2. Wewe ni nani. Jina, mwaka, na linki ya grupu la wasapu iwe ubaoni kabla hujashika maiki.

3. Programu yenyewe. Hapa ndo nilipoumia mimi. Mwaka wangu nilitumia prospektasi niliyorithi kwa kaka aliyenitangulia, nikatangaza kwa kujiamini kosiweki ni 40 na mtihani 60, koodineta akasimama palepale akasema mtaala ulishabadilishwa, sasa ni nusu kwa nusu. Jioni nzima nikawa napita rumu kwa rumu hosteli kurekebisha, na bado kuna waliobaki na ile 40 vichwani. Kwa hiyo nenda ofisini kwa koodineta siku mbili kabla, mwombe orodha ya kozi za semista ya kwanza pamoja na krediti zake, na mgao wa maksi wa mwaka HUU. Hata kama we mwenyewe ulisoma kozi zilezile mwaka jana, nenda tu.

Ukishapata, usisome orodha yote, wanayo kwenye ratiba. Chukua krediti uzieleze, maana fasti yia wengi wanadhani kozi zote zina uzito sawa. Sisi tuliandika hivi:

"Jamani, A ni pointi 5, C ni 2. Juma kapata A kwenye kozi ya krediti 8, na C kwenye ya krediti 12. Nane mara tano ni 40, kumi na mbili mara mbili ni 24, jumla 64, gawanya kwa krediti 20, GPA yake 3.2. Asha kapata A na C vilevile, ila A yake iko kwenye ile ya 12. Yeye ana 3.8."

Ukifika hapo nyamaza kidogo, wapige hesabu wenyewe. Kisha waambie 3.5 ndo mlango wa apa sekondi, Asha kaingia, Juma kabaki loa. Mimi sitaki slaidi kabisa hapa, andika kwa chaki, kwenye slaidi watapiga picha wasisikilize.

Sapu na disko zitaje kwa sentensi moja tu, usiwatishe siku ya kwanza, tena kanuni zake mwachie koodineta.

4. Muda. Dakika saba. Isome kwa sauti ukiwa umesimama, ya kwetu ilikuja dakika kumi na moja tukafuta historia yote ya idara.

5. Karatasi. Printi kwa herufi kubwa. Usisomee kwenye simu, mshua anaweza kupiga katikati ya GPA.