Kabla hujaandika msimu, fikiria viporo

Nilipoanza kutengeneza mchezo wa kompyuta wa umeneja wa soka nikiwa hapa Dodoma, ligi yangu ya timu 16 na mechi 30 ilienda vizuri hadi nilipoweka viporo, yaani mechi zilizoahirishwa. Timu iliyocheza mechi sita kwa kupishana siku tatu ilifika ya mwisho haina kikosi.

Kosa lilikuwa kwenye uchovu, na ndilo la kuamua kwanza: unapungua vipi? Mimi nilikuwa naongeza 30 kwa dakika 90, kisha natoa 5 kila siku. Anayecheza kila wiki hupumzika hadi sifuri, kwa hiyo uchovu hana kabisa. Wa viporo anabakiza 15 kila mechi; kabla ya mechi ya sita ana 75, na akimaliza amepita 100, hawezi tena kucheza. Hakuna hali ya katikati. Punguza kwa asilimia badala yake:

```
uchovu = uchovu * 0.8   # kila siku
uchovu = uchovu + 30    # baada ya dakika 90
```

Sasa wa kila wiki anaingia uwanjani na uchovu wa 8 hivi, na wa viporo anapanda mpaka karibu 31 na kutulia hapo. Anateseka, ila hafi. Siku ya safari niliipa `0.9`, maana kutoka Dodoma hadi Bukoba kwa basi huwezi kuita mapumziko.

Majeruhi yafuate baada ya hapo, kwa sababu yanatumia namba za uchovu. Ukiweka hatari ya asilimia 2 kwa kila mchezaji kila mechi, wachezaji 11 kwa mechi 30 watakupa majeruhi kama sita au saba kwa msimu. Ongeza hatari kwa mwenye uchovu, lakini angalia mduara: mmoja akiumia, waliobaki wanacheza zaidi, wanachoka, nao wanaumia. Kocha wa kompyuta lazima ajue kupumzisha watu kabla hujalaumu hesabu.

Fomu ndiyo yenye mtego. Timu iliyochoka inafungwa, fomu inashuka, halafu fomu hiyo inaishusha tena mechi ijayo: uchovu umehesabiwa mara mbili. Pima fomu kwa pointi zilizopatikana ukitoa zilizotarajiwa, na matarajio yajue uchovu. Timu dhaifu iliyotarajiwa pointi 0.6 ugenini ikatoka sare, imepata +0.4, japo meneja wake ananuna.

Mwisho, zipe timu zote uwezo sawa na uendeshe misimu 1,000. Kila moja ichukue ubingwa mara 62 hivi, kumi juu au chini si tatizo. Kwangu timu moja ilichukua mara 80. Nilihangaika na fomu siku mbili nzima, kumbe pointi zikilingana, msimamo ulikuwa unapangwa kwa alfabeti.