Kufunga gata kuanzia chini: jinsi ya kuzuia maji ya paa yasile ukuta na msingi

Niliwahi kufunga gata kwenye nyumba ya tofali za kuchoma, nje kidogo ya mji wa Bukoba. Gata lilinyooka vizuri na mwenye nyumba akaridhika. Masika ya pili yalipoisha akanipigia simu: "Fundi, njoo uone hii kona." Ufa ulikuwa umetokea kwenye msingi, ukapanda kama ngazi kufuata viungo vya tofali mpaka chini ya dirisha.

Kosa lilikuwa langu. Bomba la kuteremsha maji nililiishilizia pale pale chini, sentimita 10 tu kutoka ukutani. Kabla ya gata, maji ya upande ule yalikuwa yakidondoka kwenye mstari wa mita 10. Mimi niliyakusanya yote nikayamwaga kwenye kona moja, na Bukoba ni mji unaopata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Udongo wa kona ukalainika, msingi ukatitia. Bora nisingefunga gata kabisa. Ndiyo maana siku hizi kazi hii naianza chini.

Hatua ya 1: Soma ukuta

Zunguka nyumba baada ya mvua. Chini ya upenu utaona mchirizi, kile kijifereji kinachochimbwa na matone. Pima umbali wake kutoka ukutani, kisha pima alama ya tope inapofika juu ya ukuta. Pale Bukoba mchirizi ulikuwa sentimita 30 tu kutoka ukutani, na upande usio na gata tope lilipanda hadi sentimita 40. Tone linaloanguka kutoka urefu wa mita 3 lina nguvu ya kurusha mchanga, na mchanga huo ndio unaokwangua lipu na viungo vya udongo kidogo kidogo.

Ila angalia usichanganye magonjwa. Ukuta ukilowa chini ya dirisha upande mmoja tu, hiyo ni mvua ya upepo. Unyevu ukionekana hata kwenye kuta za ndani, na unga mweupe wa chumvi, basi maji yanapanda kutoka ardhini, na gata peke yake halitakuponya.

Hatua ya 2: Yatafutie maji njia

Kabla ya kununua chochote, amua maji yataishia wapi. Ardhi inayozunguka nyumba iinamie nje, angalau sentimita 5 kwa kila mita. Ikiwa inainamia ukutani, jaza udongo na uushindilie vizuri, lakini usipande hadi ukafunika tofali za juu ya jamvi, yaani sakafu ya zege iliyokaa juu ya msingi.

Kisha chimba mfereji utakaopeleka maji mita 3 au zaidi kutoka kwenye msingi. Udongo wa mfinyanzi hunywa maji polepole, kwa hiyo hapo nenda mbali zaidi. Pale Bukoba tuliyapeleka kwenye migomba, mita 6 chini ya nyumba. Mfereji ule tuliusakafia kwa zege mita 2 za mwanzo, maana hapo ndipo maji huwa na kasi na huchimba.

Ukiweka tangi, kumbuka bomba la kutolea maji yanayozidi. Nimeona watu wanafunga tangi zuri, halafu likijaa linamwaga maji kwenye msingi ule ule uliokusudiwa kulindwa.

Hatua ya 3: Hesabu maji ya paa

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Upande ule wa paa ulikuwa na urefu wa mita 10, na upana wa mita 4 ukipimwa kwa usawa wa ardhi, si kwa kufuata mteremko wa bati. Hiyo ni mita 40 za mraba. Mvua ya milimita 50 inaleta lita 2,000. Mvua kubwa ya radi inaweza kushusha milimita 2 kwa dakika kwa muda mfupi, yaani lita 80 kila dakika. Kwa paa la ukubwa huo natumia gata la inchi 5 na bomba la inchi 3.

Hatua ya 4: Funga gata

Hakikisha kwanza kwamba fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa unaobeba gata, haijaoza. Ubao uliooza hautashika msumari gata likijaa maji.

Gata linahitaji mteremko wa nusu sentimita kwa kila mita. Urefu wa mita 10 ukiuelekeza kona moja, mwisho wa gata utakuwa chini kwa sentimita 5, na hapo maji yanayotoka kwenye bati kwa kasi huweza kuruka juu ya ukingo. Mimi hupenda tundu la kuingizia maji kwenye bomba liwe katikati kama hakuna mlango. Kila upande unabaki na mita 5, na mteremko ni sentimita 2.5 tu. Gonga msumari kila ncha na mmoja katikati, vuta uzi, kisha funga vishikio kwa kufuata uzi huo. Usiviachanishe zaidi ya sentimita 60.

Bati liingie ndani ya gata kama sentimita 5. Likiwa fupi, maji yanarudi nyuma na kuozesha fisha bodi. Likizidi sana, yanaruka gata. Na jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza: ukingo wa nje uwe chini kidogo kuliko wa ndani. Siku likiziba, na litaziba, maji yamwagikie nje na siyo ukutani.

Hatua ya 5: Shusha bomba

Weka wavu wa waya kwenye tundu kuzuia majani. Bomba lisigusane na ukuta, acha nafasi ya vidole viwili ili likivuja uone. Mwisho wake weka elbo inayomwaga moja kwa moja kwenye mfereji.

Kama bado hujaezeka

Toa upenu wa sentimita 60 hadi 75. Ukizidisha hapo upepo unapata pa kushika, na kenchi lazima zifungwe kwa nondo au waya mzito hadi kwenye lenta. Pande za pembetatu, ambazo hazina gata, mafundi hubana upenu hadi sentimita 20, na ndizo zinazopigwa sana na mvua. Chini ya upenu usio na gata mwaga kokoto, upana wa sentimita 60 na kina cha 10. Sakafu ya saruji hapo hurusha maji juu zaidi, kokoto huyavunja.

Kujaribu, na ule ufa

Mwaga ndoo ya maji kwenye ncha ya juu ya gata. Yakibaki madimbwi, kuna kishikio kilichoshuka, na mbu watazaliana humo. Halafu subiri mvua kubwa, utoke nje uangalie mwenyewe.

Ufa wa Bukoba sikuuziba siku ile. Nilihamisha tundu, nikachimba mfereji, kisha nikapaka kibandiko chembamba cha saruji juu ya ufa na kuandika tarehe. Vuli ikakipasua: udongo ulikuwa bado unatulia. Nikapaka kingine. Masika yaliyofuata yalikiacha kizima, ndipo nikachokoa viungo na kuujaza ufa.