Kabla hujauza kiwanja chako Mtwara: gharama zitakazohesabiwa na zile zitakazokataliwa

Nimeuza kiwanja kimoja tu maishani mwangu, katika eneo la Mangamba hapa Mtwara, na nimelipa kodi ya faida kwa mauzo yaliyonipa hasara. Nayaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye mteja bado hajafika, kwa sababu mteja akishakaa mezani na fedha zake, mambo mengi yaliyomo humu hayarekebishiki tena.

Kwanza, ielewe kodi yenyewe. Mkazi wa Tanzania anayeuza ardhi au jengo hulipa asilimia 10 ya faida, wala si asilimia 10 ya bei aliyouzia. Faida ni bei ya kuuzia ukiondoa gharama, na gharama zinazokubalika chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 ziko za aina tatu: fedha uliyonunulia pamoja na matumizi yaliyoandamana na ununuzi huo, fedha uliyotumia kukiendeleza kiwanja, na fedha unayotumia kukiuza. Shilingi uliyotoa mwaka 2013 huhesabiwa kama shilingi ileile leo, kwa kuwa sheria haiipandishi kwa kufuata mfumuko wa bei.

Pili, angalia kama unahusika. Nyumba uliyoimiliki kwa miaka mitatu au zaidi na kuishi ndani yake kwa jumla ya miaka mitatu haitozwi, mradi faida isizidi shilingi milioni 15. Shamba la mtu binafsi, hata liwe la mikorosho, halitozwi ikiwa limetumika kwa kilimo kwa angalau miaka miwili kati ya mitatu iliyotangulia mauzo na thamani yake sokoni haifiki shilingi milioni 10. Kiwanja kitupu, au chenye ukuta na msingi tu, hakimo katika misamaha hiyo miwili.

Tatu, kodi hii hulipwa kabla hati haijahamia kwa mnunuzi. Msajili wa Hati haandikishi uhamisho mpaka aone cheti kutoka Mamlaka ya Mapato kinachothibitisha kwamba kodi imelipwa au kwamba hakuna kinachodaiwa. Kwa hiyo usimwahidi mteja kwamba ndani ya wiki moja atakuwa na hati yenye jina lake.

Sasa nifike kwenye jambo lililoniumiza.

Wanaoukumbuka mwaka 2013 hapa kwetu wanajua viwanja vilivyokuwa vikiuzwa. Habari ya gesi ilikuwa imetapakaa, bomba la kwenda Dar es Salaam lilikuwa linajengwa, na bei ya ardhi ilibadilika kati ya wiki na wiki. Mimi nilikuwa mwalimu mwenye akiba kidogo na mkopo, nikanunua kiwanja kilichopimwa, chenye hati, kwa shilingi milioni 25. Siku ya kuandikiana, dalali alinivuta pembeni akaniambia, "Mwalimu, usijiumize bure, kwenye mkataba tuandike milioni nane, ushuru wa stempu utakuwa mdogo." Muuzaji alikuwa ameshakubali. Ushuru huo ni asilimia 1 ya bei, na kwa desturi mnunuzi ndiye hulipa. Badala ya 250,000 nililipa 80,000, na nikaona nimeokoa 170,000. Fedha yenyewe nilimkabidhi muuzaji mkononi, noti kwa noti, bila stakabadhi yoyote.

Nilipouza mwaka 2024, ile homa ya bei ilikuwa imepoa zamani. Nilipata shilingi milioni 26. Katika miaka hiyo nilikuwa nimejenga ukuta wa matofali na kuchimba kisima, kwa jumla ya milioni 6. Wakati wa kununua, wakili na uhamisho wa hati, pamoja na ushuru ule, vilinigharimu 600,000. Katika kuuza, dalali alichukua 1,300,000, wakili 500,000 na mthamini 300,000. Ukizijumlisha gharama zangu zote za kweli unapata 33,700,000. Nilikuwa nimepata hasara ya 7,700,000, na asilimia 10 ya hasara ni sifuri. Nilikwenda ofisini nikiamini kwamba sitadaiwa kitu.

Afisa aliyelishughulikia jalada langu aliufungua mkataba wa mwaka 2013, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, saini hii si yako?" Ilikuwa yangu, na juu yake paliandikwa milioni nane. Nikaeleza ukweli wote. Akaniomba uthibitisho wa zile milioni 17 nyingine, iwe taarifa ya benki, stakabadhi ya muuzaji au chochote. Sikuwa nacho. Katika gharama za ukuta na kisima alikubali 2,400,000 tu, ambazo ni saruji na nondo nilizonunua dukani kwa risiti ya mashine. Malipo ya mafundi, mchimba kisima na wafyatua tofali yalikuwa kwenye daftari langu peke yake. Ada ya dalali nayo ilikataliwa, kwa kuwa hakunipa hata kikaratasi. Kilichobaki ni milioni 8 za mkataba, 600,000 za ununuzi, 2,400,000 za ukuta na 800,000 za wakili na mthamini, jumla 11,800,000. Ukiziondoa kwenye milioni 26 unapata faida ya 14,200,000, na kodi yake ni 1,420,000. Nikalipa.

Kabla ya kulipa nilimtafuta yule muuzaji wa kwanza, nikamkuta Masasi, nikamwomba anipe maandishi kwamba alipokea milioni 25. Alikataa, na njiani kurudi ndipo nilipoelewa sababu. Naye alipokuwa akiuza alipaswa kulipa asilimia 10 ya faida yake. Kwa kuandika milioni nane alificha milioni 17 za mapato yake, na kukiri leo ni kujifungulia deni la zamani. Kodi aliyoikwepa haikufutika. Ilihamia kwangu pamoja na kiwanja, ikaningoja miaka kumi na moja. Mimi niliokoa asilimia 1 ya zile milioni 17 na kuikubali asilimia 10 yake. Anayekushauri uandike bei ndogo kwenye mkataba wa kununua anaitua kodi ya muuzaji begani kwako, hata kama mwenyewe halijui hilo.

Kwa hiyo, kama bado unanunua, andika bei kamili, lipa kwa njia ya benki hata kama muuzaji anataka noti, na upigishe mkataba stempu ndani ya siku 30. Mkataba usio na stempu haupokelewi kama ushahidi mpaka ushuru wake ulipwe. Na ukiwa unauza, kataa vilevile mteja akikuomba upunguze bei ya kwenye karatasi, kwa sababu thamani ya kiwanja hupitiwa na mthamini na ripoti yake kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, na bei iliyo chini mno ya thamani hiyo itaulizwa.

Wapo watakaokuambia kwamba dawa ni kusema huna kumbukumbu zozote. Ni kweli kwamba kwa mkazi asiye na kumbukumbu za gharama sheria sasa imeweka asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Lakini itazame vizuri. Asilimia hiyo hukatwa kwenye fedha yote, wala haijali kama umepata faida au hasara. Kwangu mimi ingekuwa 780,000, ambayo ni nafuu kuliko niliyolipa, ila haikunihusu kwa sababu mkataba ulikuwepo na ulikuwa umepigwa stempu. Na kama mkataba wangu ungesema kweli, nisingedaiwa hata hizo 780,000. Watu wengi wa Mtwara na Lindi walionunua wakati wa gesi wako katika hali hii: bei yao ya kununulia iko juu kiasi kwamba kumbukumbu kamili zingewaondolea kodi yote. Aliyerithishwa kiwanja cha zamani bila karatasi yoyote ndiye asilimia 3 inaweza kumfaa.

Kuhusu maendelezo, shika hesabu moja: kila milioni isiyo na uthibitisho inakugharimu laki moja. Nunua vifaa mwenyewe, kwa jina lako na namba yako ya mlipakodi, badala ya kumkabidhi fundi fedha ya jumla. Kwa fundi asiye na mashine, andikeni mkataba mfupi wa kazi wenye kiasi, tarehe na saini, kisha mlipe kwa simu au benki ili pawe na alama ya malipo. Risiti za mashine zichukulie nakala siku hiyohiyo, kwa kuwa maandishi yake hufifia. Zangu tatu za mwaka 2015 nilizikuta nyeupe ndani ya bahasha, kwa joto la bati na unyevu wa pwani. Mwambie mthamini aorodheshe ukuta, kisima na msingi katika ripoti yake. Ripoti hiyo haichukui nafasi ya risiti, lakini inaonyesha kwamba kitu kipo na hukukibuni ofisini. Kazi ya mikono yako mwenyewe, au ya wanao, haihesabiwi, maana hakuna fedha iliyotoka.

Gharama za kuuza ni rahisi zaidi, kwa sababu bado hujazilipa. Dalali, wakili, mpima, mthamini na tangazo vyote hukubalika, ila usitoe fedha kabla ya kupewa stakabadhi. Kama dalali hataki kuandika, mjue mapema kwamba ada yake utailipia kodi wewe, na mpatane bei upya kwa kulizingatia hilo.

Katika mkataba wa mauzo andika wazi nani analipa nini: kodi ya faida ni ya muuzaji, ushuru wa stempu ni wa mnunuzi. Fedha ambayo baadhi ya viongozi wa mtaa huiomba kwa kushuhudia mauzo si kodi hii wala haiipunguzi. Lipa madeni ya kodi ya pango la ardhi mapema. Fomu za ardhi za kuhamisha umiliki, namba 29, 30 na 35, zijazwe kwa bei ileile iliyo kwenye mkataba, mpaka shilingi ya mwisho. Kama una mwenza, pata ridhaa yake kwa maandishi kabla ya kupokea malipo ya awali. Hati halisi usimwachie dalali hata kwa usiku mmoja; mteja akitaka kuiona, aione kwa wakili, na jina lililomo alilinganishe na kitambulisho chako herufi kwa herufi.